Diski Nne, Nafasi ya Diski Tatu

Yeyote aliyewahi kufunga seva kwenye ofisi za watu anajua malalamiko yanayofuata pindi mashine inapowashwa. Ofisi imenunua diski 4, kila moja imeandikwa terabaiti 4, na risiti inasema hivyo hivyo. Mhasibu amezidisha na kupata 16. Fundi ameziunganisha kwa RAID 5, ameweka mfumo wa faili, na kompyuta inaonyesha 10.9. Tano nzima haionekani, na kila mtu ana dhana yake: muuzaji kadanganya, fundi kakosea, au diski moja ni mbovu. Miaka ya kazi hii imenifundisha kwamba kujibu “ndivyo RAID ilivyo” hakumsaidii mtu, kwa sababu jibu hilo linafanya upungufu uonekane kama desturi ya mafundi, na desturi inaweza kubadilishwa na fundi mwingine aliye hodari zaidi. Ukweli ni mkali kuliko hapo. Terabaiti 4 kati ya zile 16 haziwezi kurudishwa na mtu yeyote, kwa programu yoyote, maadamu ofisi inataka diski moja ikifa data yote ibaki. Hiyo si kasoro ya ufundi. Ni bei, tena ni bei ya chini kabisa inayowezekana. Kinachobaki, yaani pengo kati ya 12 na 10.9, hakihusiani na RAID hata kidogo, na ni heri tukiondoe njiani kwanza.

Mtengenezaji wa diski anahesabu terabaiti kwa makumi: terabaiti 1 ni baiti 1,000,000,000,000. Diski ya terabaiti 4 kwa kawaida ina baiti 4,000,787,030,016, kwa hiyo hakumpunja mtu. Kaongeza hata kidogo. Programu nyingi zinahesabu kwa vipeo vya mbili, ambapo kipimo kinacholingana na hicho ni baiti 1,099,511,627,776. Tangu mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme imekipa kipimo hicho cha pili jina lake, tebibaiti, lakini Windows bado inaandika TB huku ikihesabu tebibaiti. Gawa baiti za diski moja kwa namba hiyo kubwa, utapata 3.64. Diski tatu zinakuwa 10.9. Ni nafasi ile ile iliyopimwa kwa kipimo kikubwa zaidi, na tofauti ya asilimia 9 hivi ingekuwepo hata kama diski ingekuwa moja tu mezani bila safu yoyote. Anayetaka uhakika aombe kompyuta imtajie baiti zenyewe; kwenye Linux amri `lsblk -b` inatosha. Baiti hazina vipimo viwili. Kuanzia hapa nitahesabu kwa terabaiti za mtengenezaji, ili tubaki na upungufu mmoja tu wa kuueleza.

Upungufu huo una asili yake katika hesabu ya mwaka 1988. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wakiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipendekeza kwamba badala ya diski moja kubwa ya gharama kama zilizotumika kwenye kompyuta kuu za IBM, mtu aunganishe diski nyingi ndogo za kompyuta za mezani. Kwa kasi na kwa bei wazo lilikuwa zuri. Kwa uhai lilikuwa balaa, nao walilisema wazi: ikiwa diski moja hudumu kwa wastani wa saa 30,000 kabla ya kuharibika, kundi la diski 100 litapata ajali ya kwanza kwa wastani baada ya saa 300, yaani chini ya wiki mbili. Ukitawanya faili zako juu ya diski zote 100, kifo cha moja ni kifo cha zote. Kwa hiyo nafasi iliyotengwa kwa ajili ya ulinzi haikuja baadaye kama nyongeza ya watu waoga. Bila hiyo wazo lote lingekufa siku lilipozaliwa. RAID 0, inayotumia diski zote bila kutenga chochote, haikuwemo hata kwenye ngazi tano walizozieleza. Jina hilo lilikuja kushikizwa baadaye kwa mpangilio ambao, kwa upande wa usalama, ni ile hali waliyokuwa wakiikimbia. Ndiyo ngazi pekee inayokupa terabaiti zako 16 kamili, na ndiyo pekee ambayo diski moja ikifa unapoteza zote 16.

Sasa tufike kwenye hoja yenyewe, ambayo haihitaji kujua chochote kuhusu kontrola wala programu. Chukua diski 4 na ahadi moja: diski yoyote ikiondolewa, data yote ipatikane. Ondoa diski ya nne. Umebaki na tatu, na ahadi inasema data yako yote, hadi biti ya mwisho, inaweza kusomwa kutoka kwa hizo tatu. Diski tatu za terabaiti 4 zina uwezo wa kubeba terabaiti 12, wala haziwezi kubeba 13. Basi data uliyokuwa nayo kabla ya ajali haikuweza kuzidi 12, kwa sababu kama ingekuwa 13, terabaiti moja ingekuwa ndani ya diski iliyoondoka tu, na ahadi ingekuwa uongo. Angalia kwamba sikusema data imepangwaje. Sikusema kama kuna nakala, pariti au ufundi wa siku zijazo ambao haujabuniwa. Namna yoyote ya kupanga inakutana na ukuta huo huo: ukitaka kunusurika kifo cha diski moja, nafasi yako haizidi ile ya diski zilizobaki. Ukitaka kunusurika vifo viwili, toa mbili. Swali la kumuuliza mhandisi, basi, ni kama alifika kwenye ukuta huo au aliishia mbali nao. RAID 5 inafika pale pale.

Jinsi inavyofika ni jambo la kupendeza mno, na linaweza kufanywa kwa kalamu. Tuseme diski tatu zina biti nne nne za data: ya kwanza 1011, ya pili 0110, ya tatu 1100. Kwenye diski ya nne tunaandika pariti, nayo inapatikana kwa kutazama safu wima moja moja: idadi ya 1 ikiwa witiri tunaandika 1, ikiwa shufwa tunaandika 0. Safu ya kwanza ina 1, 0, 1, yaani mbili, kwa hiyo 0. Ya pili ina 0, 1, 1, kwa hiyo 0. Ya tatu ina 1, 1, 0, kwa hiyo 0 tena. Ya nne ina 1, 0, 0, kwa hiyo 1. Pariti ni 0001. Sasa diski ya pili imekufa. Chukua zilizobaki, 1011, 1100 na 0001, ufanye hesabu ile ile: safu ya kwanza ina 1 mara mbili, jibu 0, ya pili ina 1 moja, jibu 1, ya tatu ina 1 moja, jibu 1, ya nne ina 1 mara mbili, jibu 0. Umepata 0110, ambayo ndiyo iliyokuwa kwenye diski iliyokufa. Hesabu hii inaitwa XOR, na uzuri wake ni kwamba haijali ni ipi iliyopotea. Safu mlalo moja ya ziada inalinda tatu, na ingelinda kumi pia. Ndiyo maana fomula ya RAID 5 ni idadi ya diski ukitoa moja, mara ukubwa wa diski: 3 × 4 ni 12. Katika utendaji, pariti haikai kwenye diski moja maalumu. Inazungushwa, kipande hiki kwenye diski hii na kinachofuata kwenye nyingine. RAID 4 iliiweka yote kwenye diski moja, nafasi ikawa ile ile, lakini kila uandishi ulilazimika kupita kwenye diski hiyo nayo ikawa kizibo.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia kutoka kwa watu wenye akili ni hili: mbona faili la gigabaiti nyingi linaweza kuhakikiwa kwa namba ndogo ya baiti 32? Kwa nini pariti iwe kubwa kama diski nzima? Jibu ni kwamba namba ile ya uhakiki inaweza kukuambia kuwa kitu kimeharibika, lakini haiwezi kukirudisha. Kugundua na kurudisha ni kazi mbili zenye gharama zisizokaribiana. Ili kurudisha biti trilioni 32 zilizokuwa kwenye diski ya terabaiti 4 unahitaji biti trilioni 32 za habari kutoka mahali fulani, na pariti ndiyo mahali hapo. Wengine husema basi pariti ibanwe, kama faili zinavyobanwa kwa zip. Data inayobanika inaweza kubanwa kabla ya kuandikwa, na ni sawa kufanya hivyo, lakini baada ya kuibana hadi mwisho hoja ya ukuta inaanza upya na namba zilezile: terabaiti 12 za vitu vilivyokwisha kubanwa, si zaidi. Picha za kamera za ulinzi, ambazo ndizo zinazojaza seva nyingi siku hizi, huja zimebanwa tayari na hazina cha kupunguza.

Kuhusu vifo viwili, watu hudhani RAID 6 ni RAID 5 yenye pariti iliyonakiliwa mara mbili. Ingekuwa hivyo isingefanya kazi. Tuweke biti kando tutumie namba za kawaida. Diski tatu zina 5, 3 na 9, na tumehifadhi jumla yake, 17. Zikipotea mbili za kwanza, tunachojua ni kwamba jumla yake ni 17 kutoa 9, yaani 8. Inaweza kuwa 5 na 3, inaweza kuwa 7 na 1. Nakala ya pili ya 17 haitusaidii. Itasema 8 tena. Tunahitaji mlinganyo wa pili unaosema jambo jipya. Tuhifadhi basi jumla yenye uzito: mara moja ya kwanza, mara mbili ya pili, mara tatu ya tatu. Hiyo ni 5 + 6 + 27, yaani 38. Sasa zikipotea hizo mbili, mlinganyo wa kwanza unasema jumla ni 8, wa pili unasema ya kwanza pamoja na mara mbili ya pili ni 11. Toa moja kwa nyingine: ya pili ni 3, na ya kwanza ni 5. RAID 6 inafanya hivi, ila kwa hesabu za uga wa Galois wenye namba 256, ili majibu yote yatoshe ndani ya baiti moja bila kukua. Vitu visivyojulikana ni viwili, milinganyo ni miwili, diski zilizotolewa ni mbili. Tena imefika ukutani: kwa diski 4 inakupa 8, na hakuna namna ya kupata 9 huku ukinusurika vifo vyovyote viwili.

Hapa ndipo hoja yangu inapokutana na ngazi ambayo inaonekana kuipinga. RAID 1 inaandika kitu kile kile kwenye diski mbili, na RAID 10 inaunganisha jozi kadhaa za namna hiyo. Kwa diski 4 RAID 10 inatoa 8, sawa na RAID 6, lakini haiahidi kunusurika vifo vyovyote viwili. Diski moja ikifa, kati ya tatu zilizobaki kuna moja, pacha wake, ambayo ikifuata data imekwenda. Kwa kipimo cha ukuta, RAID 10 imelipa diski mbili na kupata ahadi ya diski moja. Kwa nini basi mafundi wengi wanaotunza hifadhidata huichagua, nami huwaunga mkono? Kwa sababu malipo yake ya ziada yanakwenda kwenye kazi nyingine. Badilisha kipande kidogo cha data kwenye RAID 5 na mfumo lazima usome data ya zamani, usome pariti ya zamani, kisha uandike data mpya na pariti mpya: safari nne za diski kwa badiliko moja. RAID 6 ina pariti mbili, kwa hiyo safari sita. RAID 10 inaandika mara mbili na kumaliza. Hifadhidata ya malipo inayobadilisha mistari midogo midogo kutwa nzima itaihisi tofauti hiyo. Ghala la video linaloandika mafungu marefu mfululizo halitaihisi sana, kwa sababu fungu likijaza upana wote wa safu pariti inakokotolewa kutoka kwa data iliyoko mkononi bila kusoma kitu cha zamani. Nafasi ile ile ya terabaiti 8, basi, inaweza kununua usalama zaidi au wepesi zaidi, na anayelinganisha ngazi kwa terabaiti peke yake hajaona kilichonunuliwa.

Pingamizi zito zaidi linatokana na hoja yangu mwenyewe. Kama RAID 5 inatoa diski moja tu hata safu iwe na upana gani, si bora tujenge safu ya diski 12? Sehemu inayotolewa ingeshuka kutoka robo hadi moja ya kumi na mbili. Hesabu ya nafasi ni sahihi. Tatizo liko kwenye saa zinazofuata ajali. Ahadi ya RAID 5 ni ya kifo kimoja, na kuanzia dakika diski inapokufa hadi mbadala wake ujazwe, safu nzima haina ulinzi wowote. Diski ya terabaiti 4 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde inahitaji zaidi ya saa 7 kujazwa, hiyo ikiwa haifanyi kazi nyingine. Seva inayoendelea kuhudumia watu itachukua muda mrefu zaidi. Muda wote huo diski zote zilizobaki zinasomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye safu ya diski 4 hiyo ni terabaiti 12. Kwenye safu ya 12 ni terabaiti 44. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kwenye karatasi za vipimo kwamba makosa ya kusoma yasiyorekebishika hayazidi moja kwa kila biti 100,000,000,000,000, ambazo ni terabaiti 12.5. Hicho ni kikomo cha juu, na diski nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, kwa hiyo wanaosema kwamba RAID 5 ya terabaiti 12 lazima ishindwe kujijenga upya wanatia chumvi. Lakini hatari inakua na upana, na pia diski zilizonunuliwa siku moja kutoka boksi moja zimezeeka pamoja. RAID 10 ina nafuu hapa: ili kumjaza pacha mpya, inasoma diski moja tu.

Katika mazingira yetu muda huo una sehemu ambayo haimo kwenye karatasi yoyote ya vipimo. Saa 7 za kujaza zinaanza kuhesabiwa diski mpya ikishachomekwa, na ofisi iliyoko Sumbawanga au Lodwar kwanza lazima iipate. Diski ya ukubwa ule ule huenda ikatoka Dar es Salaam au Nairobi, baada ya idhini ya manunuzi, na pengine duka nalo linaagiza nje. Dirisha la saa linageuka kuwa la wiki. Wengine hujibu kwa kuacha diski moja ya akiba ndani ya seva, imechomekwa lakini haitumiki hadi mwenzake afe. Ni wazo zuri, ila tulipime kwa nafasi. Diski 5, nne kwenye RAID 5 na moja ya akiba, zinatoa nafasi ya diski 3. Diski hizo hizo 5 zote kwenye RAID 6 zinatoa nafasi ya diski 3. Bei ni moja. Katika mpango wa kwanza diski ya akiba imekaa tupu, na ajali ikitokea inaanza kujazwa huku safu ikiwa uchi. Katika wa pili imekwisha jazwa tangu mwanzo, na baada ya kifo cha kwanza bado kuna ulinzi wa mwingine huku mnasubiri gari la mizigo. Kama kazi ya seva si ya maandishi madogo mengi, sioni sababu ya kuchagua mpango wa kwanza.

Upungufu mkubwa ninaouona mara nyingi, na huu kweli unaweza kuepukwa, unatokana na kuchanganya diski za ukubwa tofauti. Ofisi ina diski tatu za terabaiti 4 na moja ya 2 iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani. RAID 5 ya kawaida inahitaji kila safu mlalo iwe na kipande kutoka kila diski, kwa hiyo diski ndogo ikiisha safu imeisha. Zote zinahesabiwa kama za 2, na nafasi ni 3 × 2, yaani 6. Diski zilizonunuliwa zina 14, na 6 kati yake zimelala bila kazi, mbali na 2 za pariti. Rudi kwenye hoja ya ukuta uone ni kiasi gani kilipaswa kupatikana. Ahadi ni kunusurika kifo cha diski yoyote, na kibaya zaidi ni kifo cha kubwa: 14 kutoa 4 ni 10. Kwa hiyo hapa RAID 5 iko mbali na ukuta kwa terabaiti 4, na fundi anaweza kuzifuata. Gawa kila diski ya 4 katika sehemu mbili za 2. Sehemu tatu za kwanza, pamoja na diski ndogo, zitengeneze RAID 5 yenye 6. Sehemu tatu zilizobaki zitengeneze RAID 5 nyingine yenye 4. Kisha ziunganishwe juu yake kwa LVM. Jumla ni 10 kamili, na hakuna diski iliyo na sehemu mbili ndani ya safu moja, kwa hiyo kifo cha yoyote kinaondoa sehemu moja tu kwa kila safu. Vifaa vya Synology vinafanya ugawaji wa aina hii vyenyewe, na si muujiza. Kanuni ya udogo inauma pia kwa njia ya chinichini: diski mbadala ya “terabaiti 4” ikipungua hata sekta chache kuliko zile za mwanzo, `mdadm` itaikataa kwa kusema haina ukubwa wa kutosha. Ndiyo maana ni busara kujenga safu juu ya sehemu zilizopunguzwa kidogo, gigabaiti moja hivi, badala ya diski nzima nzima.

Baada ya RAID kuchukua chake, mfumo wa faili nao unachukua. Kwenye Linux safu ya diski 4 hutengenezwa na kukaguliwa hivi:

```
mdadm --create /dev/md0 --level=5 --raid-devices=4 /dev/sd[bcde]
mdadm --detail /dev/md0
```

Amri ya pili inaonyesha `Used Dev Size`, yaani nafasi iliyochukuliwa kutoka kila diski, na `Array Size`, yaani nafasi ya safu. Ya pili ikiwa mara tatu ya kwanza, RAID 5 imetimiza wajibu wake na upungufu wowote zaidi ya hapo utafutwe kwingine. Mara nyingi unapatikana kwenye ext4, ambayo kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi wa mfumo. Kanuni hiyo inafaa diski yenye mfumo endeshi, ili mtumiaji akiijaza msimamizi aweze kuingia na kusafisha. Kwenye safu ya terabaiti 12 ya kuhifadhi video ni gigabaiti 600 zilizofungiwa bila sababu. Dalili yake ni kwamba `df` inaonyesha ukubwa, kilichotumika na kilichobaki, na ukijumlisha viwili vya mwisho hufikii cha kwanza. `tune2fs -m 1 /dev/md0` inaishusha hadi asilimia 1 bila kugusa faili lolote.

Kuna wanaosema kwamba wakishatoa diski moja au mbili kwa ulinzi wamemaliza deni, na bekapu ni kulipa mara mbili. Hoja ya ukuta inawajibu. Ahadi iliyonunuliwa ilikuwa ya kifo cha diski, na mlinganyo wa pariti hauijui nia ya mtu. Mfanyakazi akifuta folda, au kirusi kikizifunga faili, badiliko hilo linaandikwa kwenye data na pariti inasasishwa papo hapo ili ilingane nalo. Baada ya hapo safu nzima italinda ufutaji ule kwa uaminifu ule ule iliyokuwa ikiilinda folda. Nakala iliyoko nje ya seva ni ahadi nyingine, na ina nafasi yake nyingine.

Ukinunua, basi, hesabu inapaswa kwenda kinyumenyume, kutoka kwenye nafasi unayoihitaji. Tuseme ofisi inataka kujaza tebibaiti 10 kwa kadiri kompyuta inavyozionyesha, na inataka RAID 6. Tebibaiti 10 ni terabaiti 11 za mtengenezaji. Ext4 itachukua asilimia 5 ikiachwa ilivyo, na kwa safu ya ukubwa huu orodha zake za faili zitachukua chini ya asilimia 1; gawa 11 kwa 0.94 upate 11.7. Kwa diski za terabaiti 4 hiyo ni diski 3 za data, zenye 12, ongeza 2 za pariti. Unanunua 5, terabaiti 20 kwenye risiti, na mwenye fedha aelezwe kabla hajalipa kwamba skrini itaandika 10 na kidogo. Akisema 20 kwa 10 ni ghali, mwonyeshe kwamba RAID 5 ingempa nafasi ile ile kwa diski 4, na kwamba diski ya tano ni ya zile siku ambazo moja imekufa na mbadala bado yuko barabarani.